Lebo Tupu ya Mama Lebo

Asubuhi ya siku aliyopanga kumhama mumewe, Mama Lebo aliweka mkoba wake kwenye rafu ya mizigo inayoondoka, akaupima uzito kwa mkono kwa mazoea, kisha akaketi kufunga vifurushi vya watu. Basi la kwenda kwa dada yake lilikuwa la saa nane mchana. Mpaka hapo alikuwa mwajiriwa, na kazi ni kazi.

Ofisi yao ya vifurushi ilikuwa vyumba viwili. Mbele alikaa mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Gundi, kwa sababu ya utepe wa kufungia uliokuwa umemganda mkononi kama bangili na kwa sababu akishashika wazo habanduki. Gundi alipokea wateja, akapima mizigo, akaandika kwenye kompyuta. Nyuma alikaa Mama Lebo na printa ya lebo, ile isiyotumia wino, inayochapa kwa kuunguza karatasi kidogo kidogo. Katikati kulikuwa na ukuta na dirisha dogo lenye pazia, ambalo mizigo ilipita. Gundi akibonyeza kule, lebo inatoka huku. Juu ya ofisi ndipo walipoishi, watoto wakiwa wameshaoa na kuolewa.

Walikuwa hawajasemeshana tangu habari ya cherehani. Cherehani hiyo Mama Lebo aliachiwa na mama yake, na ndiyo iliyowavalisha watoto wote. Miaka ya karibuni ilikaa chini ya kitambaa tu. Gundi akaona haina kazi, na dada yake alikuwa anatafuta ya kuanzia ushonaji. Akaitia kwenye boksi, akalifunga, akalipitisha dirishani. Mama Lebo akabandika lebo mwenyewe, akaipiga pasi kwa kiganja ishike vizuri, akalisukuma boksi kwenye rafu bila kujua kilichomo. Aliijua habari pale wifi yake alipopiga simu kushukuru.

Huyo ndiye Gundi. Si mtu mbaya. Hajawahi kumnyanyulia mkewe sauti, achilia mbali mkono. Ila alikuwa mtu wa kuamua jambo lako huku wewe umekaa palepale, kisha akashangaa umenuna nini.

Basi Mama Lebo alinuna, na Gundi, aliyekuwa mwoga wa uso ulionuna kwa hasira, akagundua printa. Alijaza fomu ya mzigo kama kawaida, mtumaji yeye, mpokeaji mkewe, na kwenye nafasi ya maelezo akaandika "Sukari imekwisha." Programu ilikataa kuchapa bila uzito, akaandika gramu moja. Lebo ikatoka nyuma. Mama Lebo akaisoma, akaandika chini yake kwa kalamu nene "Nunua," akairudisha dirishani imebandikwa kwenye boksi la mteja. Wakaishi hivyo. Mteja mmoja alifika nyumbani na boksi la viatu lililoandikwa "Ugali uko jikoni," akadhani ni huduma mpya.

Tatizo ni kwamba maandishi yalianza kufifia. Mwanzo kidogo, kisha yakawa ya kijivu, na mistari myeupe ikayapasua kutoka juu hadi chini. Mashine ya kusoma lebo pale ghala kuu ikaanza kukataa vifurushi. Gundi alipoona hivyo alikuja nyuma mkewe akiwa hayupo, akaongeza joto la printa. Mama Lebo naye akija asubuhi, akiona bado hafifu, anaongeza. Hakuna aliyemwambia mwenzake, kwa kuwa hawakuwa wakisemeshana, na jambo la joto halikuonekana kustahili lebo. Joto likafika mwisho wake. Maandishi yakaimarika siku mbili tatu, yakafifia tena.

Mama Lebo alijua dawa yake. Alijua kichwa cha printa kinahitaji kusafishwa, maana gundi na vumbi la karatasi hujikusanya pale joto linapotokea, na hakuna joto litakalopenya uchafu huo vizuri. Alikuwa akikisafisha kila alipobadilisha rola ya lebo. Ila tangu cherehani iondoke alikuwa amekosa moyo wa kusafisha kitu chochote cha Gundi. Hilo alilikiri mwenyewe, baadaye sana, na bila kujutia.

Siku hiyo ya safari alikuwa amemjulisha mumewe tangu jana, kwa kalamu nene: "Kesho naenda kwa dada. Basi la saa nane. Kurudi sijui." Kisha akangoja. Hakutaka makuu. Alitaka neno moja linaloonyesha kwamba yule mtu wa mbele ameona kilichotokea. Asubuhi yote dirishani zilipita nguo, vipuri, dawa ya mbuzi. Neno halikupita.

Saa sita ikapita. Rola ya lebo ikaisha. Akafungua boksi la rola mpya, la muuzaji mwingine ambaye Gundi alimpata wapi sijui, akaitia ndani vile mikono yake ilivyozoea, akafunga kifuniko. Mara printa ikaunguruma yenyewe.

Akasikiliza. Mbele hapakuwa na mteja. Mlango haukuwa umelia. Basi hii ni yangu, akasema moyoni, na moyo wake ukapiga kwa nguvu kiasi cha kumkasirisha.

Akakata, akabandua, akaigeuza. Tupu. Nyeupe pee, kona hadi kona.

Mwenye akili timamu angesema printa ina kasoro. Mama Lebo alikuwa na akili timamu siku nyingine zote. Siku hiyo alisema, huyu ameniletea utupu. Mke wa miaka yote hiyo, anatumiwa hewa, na tena yenye uzito wa gramu moja. Aliumia kuliko alivyoumia kwa cherehani. Akachukua kalamu akaandika katikati ya weupe ule "Nimepokea," akaibandika kwenye fremu ya dirisha upande wa mbele, akavaa viatu vya safari.

Alikuwa anafunga kamba ya kiatu cha pili pale mlango wa mbele ulipolia. Sauti ya mwanamke ikasalimia, ikaeleza ina sare ya shule ya kumpelekea mpwa wake. Kifurushi kikapita pazia. Printa ikaunguruma. Lebo ikatoka.

Tupu.

Mama Lebo aliitazama hiyo ya pili kwa muda. Kisha akaketi polepole, kiatu kimoja hakijafungwa. Kama ya mteja imetoka tupu, basi ya kwanza nayo haikutoka tupu kwa kutaka. Kulikuwa na maneno. Yalipita kwenye waya, yakafika kwenye mashine hii, yakaungua hewani.

"Mama, imekuwaje huko?" mteja akauliza kwa nyuma ya pazia. "Lebo inachelewa."

"Inakuja," akajibu Mama Lebo. Ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kusikika mbele baada ya siku nyingi, na kule Gundi akakohoa.

Akafungua kifuniko. Akavuta ncha ya karatasi, akaikwaruza kwa ukucha upande unaogusa kichwa cha printa. Hakuna alama. Akakwaruza upande wa chini, mstari mweusi ukajitokeza. Akaona upumbavu wake. Rola za zamani lebo zilitazama nje, hizi zilikuwa zimeviringishwa zikitazama ndani, na yeye akazitia vilevile. Kichwa kilikuwa kinaunguza ule mgongo laini unaobanduliwa, ambao hata uuchome vipi hauandiki kitu. Mtu asiye na hasira angeuona mgongo huo ukitoka juu badala ya lebo. Yeye alikuwa anabandua kwa mazoea.

Akaigeuza rola. Akachapa lebo ya majaribio. Maandishi yakaja, ya kijivu, yamepasuliwa na ile mistari myeupe.

"Sasa hiyo hapana," akajiambia. Kilichofuata alikifanya kama anamtayarisha mgonjwa. Akazima printa, akaiacha ipoe. Akachukua spiriti na pamba ya kijiti, wala si kisu wala ukucha, maana kichwa kikikwaruzwa hakiponi. Akafuta ule ukingo mwembamba mweusi kutoka pembeni hadi pembeni. Pamba ya kwanza ikatoka nyeusi, ya pili kahawia, ya tatu safi. Akafuta na rola ya mpira inayosukuma karatasi. Akangoja ikauke, saa ya ukutani ikimwangalia, akawasha.

Lebo ya majaribio ikatoka nyeusi ti, mistari ya kusomwa na mashine imenenepa hadi inashikana. Akakumbuka joto. Walilipandisha wote wawili kwa kuficha uchafu, na sasa uchafu haupo. Akalishusha hatua kwa hatua, akichapa na kutazama, hadi kila mstari ukasimama peke yake. Kisha akabonyeza kitufe kinachorudia lebo ya mwisho tu, ikatoka ya sare ya shule. Ilikuwa safi hadi akaona haya.

Aliibandika, akarudisha kifurushi. Akangoja ile nyingine. Haikuja. Gundi hakujua kama kuna cha kurudia.

Basi akasogeza pazia.

"Ile ya kwanza ilitoka tupu," akasema.

Gundi alimwangalia kama mtu aliyeitwa na askari. "Si umeandika umepokea? Nilidhani umebandua lebo mpya ukaandika."

"Nilipokea karatasi. Karatasi ilikuwa kinyume. Uliandika nini?"

"Nitarudia," akasema, akiifungua tena fomu ile kwenye kompyuta.

"Sema kwa mdomo."

"Kuna mteja."

"Mimi sina haraka," akasema mteja, akaweka kifurushi chake chini.

Gundi akatazama dari, akatazama utepe mkononi mwake, mwishowe akamtazama mkewe, kwa kuwa hapakuwa na pengine. "Niliituma cherehani yako kama mali ya mtu ambaye hayupo," akasema. "Na wewe ulikuwa hapo nyuma ya ukuta. Nikakupa uibandike lebo mwenyewe. Nimekosa, mke wangu. Nitaifuata kwa dada yangu nikaichukue kwa mikono yangu, na nitamweleza kwamba kosa ni langu. Usiondoke."

Machozi ya Mama Lebo yalikuwa karibu na hakutaka kumpa mteja burudani zaidi ya aliyoipata. "Hayo ndiyo uliyoyaandika?" akauliza. "Yachape. Nataka kuwa nayo."

"Ya nini tena? Si nimesema?"

"Chapa."

"Mama Lebo, basi…"

Akaingiza mkono dirishani akabonyeza mwenyewe. Nyuma yake printa ikaunguruma. Akairudia meza yake, akakata, akabandua. Ilikuwa nyeusi, kali, haina doa, na mtoto wa chekechea angeisoma. Ilisema: "Safari njema."

Akakaa nayo mkononi.

"Na yale ya mdomo," akasema mwishowe, bila kusogeza pazia, "uliyatoa wapi?"

"Sijui." "Yalikuja uliponitazama. Kwenye kompyuta yalikuwa hayaji. Nilikaa nayo asubuhi yote, yakaja hayo mawili tu."

Mama Lebo aliwaza kuhusu rola iliyotiwa kinyume. Kama angeitia sawa, saa hizi angekuwa stendi, na lebo hiyo mkobani.

Kisha akaifunga ile kamba ya kiatu iliyobaki, akashusha mkoba kwenye rafu ya mizigo inayoondoka, akapanda nao ngazi kwenda juu.