Stesheni Tano za Darasa la Mathe

Nilifungua kopo la sabuni. Huo ndio ujinga wangu, naukubali kabla mathe, mama yangu, hajawasimulia kivyake.

Mathe anafundisha shule ndogo huko Subukia, ambako watoto wa PP1, wale wa chekechea, mpaka gredi ya tatu wanasomea chumba kimoja. Siku hiyo alikuwa anawafundisha milango ya fahamu kwa stesheni tano. Mimi nilikuwa nyumbani kwa likizo ya midterm, kwa hivyo nikashikwa kubeba vitu na kupiga kengele. Kuona: vifuniko vya soda vya kupanga kwa rangi. Kusikia: makopo yaliyozibwa, mawili mawili ya maharagwe, kokoto na mchanga, tikisa utafute pacha wake. Kugusa: gunia lenye pamba, jiwe na gunzi. Kuonja: sukari, chumvi, ndimu, kahawa chungu, kila mtoto na kijiko chake. Kunusa: kitunguu, ganda la chungwa na kipande cha sabuni, kila kimoja kwa kopo lililofungwa kitambaa. Kipindi ni nusu saa: dakika tatu za maelezo, tano kwa kila stesheni, mbili za kumaliza. Kila kikundi kina mkubwa mmoja wa kuongoza wadogo.

Mathe alisema kunusa kukae mbali na kuonja. Mimi nikaona huo ni mwendo wa bure, nikaunganisha meza. Halafu nikatoa kitambaa kwa kopo la sabuni, eti inukie vizuri.

Kengele ya pili ilipolia, katoto ka PP1 kalitoka kuonja, kakafika kunusa na kijiko bado mkononi, kakauma sabuni kama mandazi. Povu mpaka kidevuni. Mathe alikasuuza mdomo. Hedi, mwalimu mkuu wa shule, alikuwa mlangoni.

"Mwalimu, si nilikwambia huu ni mchezo? Madawati yarudi kwa laini. Kuanzia leo ni ubao tu."

Mathe aligeukia meza ya vifuniko. Vile vifuniko alikuwa amevizungukia kwa majirani, nyumba kwa nyumba.

"Wewe kijana, sogeza madawati," hedi akaniambia.

"Sisogezi," nikasema. "Makosa ni yangu, si ya stesheni."

"Unajua unaongea na nani?"

"Na hedi. Zimebaki stesheni tatu."

Nikabeba meza ya kunusa mpaka kona ya mbali, nikafunga kitambaa, nikarudisha kila kijiko kwa meza ya kuonja. Nikagonga kengele. Watoto hawakungoja ruhusa ya mtu, wakaendelea na stesheni zao. Msichana wa gredi ya tatu alikashika mkono kale kalikouma sabuni.

"Hapa ni pua tu. Mdomo funga."

Kakainama, kakavuta pumzi. "Kitunguu. Kama cha jikoni kwa shosho."

Hedi alisimama palepale akingoja kosa lingine. Hakulipata. Kengele ya mwisho ilipolia akamwambia mathe, "Haya, endelea nazo. Lakini nitakuwa nakuja kuangalia."

Alipoenda, mathe alikusanya vijiko, akaniwekea mbele.

"Mkubwa wangu najibizana naye mimi, si wewe. Sasa osha hivyo vijiko."