Waranti ya Injini ya Boito

Walisema sitamaliza mwaka. Mjomba wangu alisema duka la mashine mjini Kericho ni la watoto wa matajiri, na mimi nilizaliwa na mchuma chai. Mwalimu wangu wa zamani alisema wanaorudi kutoka ng'ambo hurudi na suti na kikohozi tu. Niliwaacha waseme. Diploma yangu ya mitambo ya kilimo niliitundika juu ya kaunta, katika fremu niliyonunua kabla sijanunua kiti cha kukalia.

Nauli ya kwenda masomoni ng'ambo sikupewa na mtu. Duka nililifungua kwa mikopo ya watu wanne, na mwaka ulipoisha nilikuwa bado nauza. Sababu ilikuwa moja, nami naitaja bila haya: katika mji mzima, mimi peke yangu nilimweleza mnunuzi waranti yake. Wengine walimpa kijitabu cha Kiingereza, wakapiga muhuri, wakamfungulia mlango. Mimi nilimkalisha, nikakunja kurasa zote kumi na mbili kuwa maneno ambayo angeweza kwenda nayo nyumbani na kumsimulia mkewe.

Ndivyo nilivyomfanyia mzee mmoja kutoka upande wa ziwa. Alikuwa amestaafu kiwanda cha chai, na mtu akistaafu nyumba ya kampuni huiachia. Wenzake wengi walirudi kwao, hasa miaka ile ya ghasia za kikabila ambapo watu wa ziwa walikuwa wakihama kwa malori, vitanda vimefungwa juu. Yeye alikuwa na kiplot kijijini Boito, na hakutaka kuhama. Malipo yake ya kustaafu yote aliyaleta dukani kwangu akachukua injini ya dizeli ya kuendeshea kisiagi cha mahindi, ile inayopozwa kwa upepo wa feni yake yenyewe, haihitaji maji.

Nilimwambia kinacholindwa ni injini yenyewe: bloku, silinda, pistoni, krankshafti na pampu ya mafuta, ikiwa imeharibika kwa kosa la kiwanda. Mikanda, filta na vitu vinavyolika kwa kazi ni vyake. Akiirudisha, usafiri ni wake. Muda ni miezi kumi na miwili tangu siku ya kununua, au saa elfu moja na mia tano za kazi, kitakachotangulia. Kadi ya waranti nikaipiga muhuri mbele yake na kuituma mwenyewe kwa kampuni ya injini, Nairobi, kwa sababu kadi isiyofika kwa wakati haihesabiki. Halafu nikamwambia yanayoua waranti. Oili isiyo ya namba iliyoandikwa. Kukosa kubadilisha oili mara ya kwanza. Fundi wa njiani kuifungua. Spea bandia. Na la mwisho nikalisema mara mbili: injini hii hupumua kwa feni, usiizibe.

"Nisiizibe na nini?" akauliza.

"Gunia, nguo, ukuta. Chochote."

Akayarudia yote bila kukosea. Nikampongeza. Nilijiona mwalimu.

Mwezi wa pili baada ya kununua, mkewe alikuja dukani akaketi bila kuombwa. Injini ilikuwa imezima ikisaga, haizunguki tena. Nikapanda pikapu ya kukodi na boksi langu la spana, njia nzima nikihesabu kichwani kwamba miezi haijafika hata mitatu na saa ni chache, hivyo kampuni ya injini italipa. Nilitaka ilipe. Ingekuwa habari njema kwa duka langu kote Konoin, upande ule wa Boito.

Nilimkuta mzee amesimama mlangoni mwa kibanda cha bati, amevaa koti lake la kiwandani. Nje, kina mama walikuwa wamekaa na madebe yao ya mahindi, wakisubiri. Nilishika flaiwili, lile gurudumu zito la injini, kwa mikono miwili, haikusogea. Oili ilikuwa safi na ya namba sawa. Hakuna fundi aliyeigusa. Nikaanza kufurahi.

Kisha nikaona mmea. Sinendet, ule mtambao ambao kwetu huvishwa mtu siku ya heshima, ulikuwa umezungushwa mara kadhaa kwenye kifuniko cha feni. Siku ya ufunguzi wa kisiagi, bibi jirani, mama mzee aliyeheshimiwa kijiji kizima, aliomba, akaivisha injini kama anavyovishwa kijana aliyeshinda. Kwa imani ya bibi huyo, mmea kama huo hautolewi kwa mkono. Huachwa hadi uanguke wenyewe, na anayeutoa amekataa baraka.

Nilifungua kifuniko. Feni ilikuwa imevuta majani ndani, utomvu wake mweupe ukashika vumbi la unga, na vyote viwili vikajaa katikati ya yale mapezi ya chuma yanayotoa joto la silinda, vikakauka kama udongo wa kukandika ukuta. Nilipoitoa hedi, kifuniko cha juu cha silinda, niliona pistoni imeganda, kuta za silinda zimekwaruzwa kwa mistari. Injini ilikuwa imejipika yenyewe.

Nikamvuta mzee nyuma ya kibanda. Nilimwambia hili si kosa la kiwanda, ni joto, na sababu ya joto iko wazi machoni. Kampuni hailipi. Pistoni, silinda na kazi vitakuwa juu yake.

Hakubishana nami.

"Ulisema gunia na nguo," akasema. "Baraka sikujua inahesabiwa."

"Mzee, nilisema chochote."

"Ndiyo, ulisema." Akatazama kule walikoketi kina mama. "Na oili mbaya nayo inaua waranti, si ndiyo?"

"Inaua."

"Basi ni oili. Usiwaambie lingine, injinia. Huyu mama aliyeivisha ndiye aliyesema nisihame."

Tulirudi mbele. Bibi alikuwa amesimama, mkono kwenye bati. Akaniuliza mimi, kwa Kipsigis, mashine imeuawa na nini. Kabla sijafungua mdomo mzee akamjibu kwa Kiswahili.

"Ni mimi, mama. Nilitia oili ya bei rahisi."

Mama mmoja akacheka akasema watu wa ziwa hununua redio kubwa na oili ndogo. Wengine wakacheka pia. Bibi hakucheka. Alimtazama mzee kama mtu aliyetupa chakula alichopewa, akabeba debe lake, na wengine wakamfuata kuelekea kisiagi cha ng'ambo ya mto. Mzee akainama, akaanza kuokota mahindi yaliyomwagika walipoondoka.

Kumtengenezea kwa deni sikuweza, maana mimi mwenyewe nilikuwa na watu wanne mgongoni. Alijaribu kukopa, akaulizwa nani amkopeshe mtu anayeua mashine kwa ubahili. Hakuna aliyemfukuza. Walimsalimia tu kwa kifupi, na kibanda kikabaki kimefungwa. Mvua za masika zilipoanza, lori lilikuja Boito kuchukua vitanda vya mzee na mkewe.

Injini aliniuzia mimi. Nilimpa bei ya haki kwa injini iliyokufa, na hakuna mtu katika wilaya nzima angempa zaidi. Nilisugua mapezi kwa brashi ya waya hadi utomvu wa mwisho ukatoka, nikatia silinda na pistoni mpya, nikaiuza kijiji cha mbali cha Chebunyo ikiwa imara kama siku ya kwanza. Ilileta faida kuliko mashine yoyote niliyowahi kuuza.

Kwa fedha hizo niliwalipa wote wanne siku moja, nikipita nyumba kwa nyumba nimevaa suti. Kila mmoja aliniandalia chai. Kila mmoja aliniuliza mbona sisemi kitu, na leo ni siku yangu ya kuvishwa sinendet.