Maji Ndani ya Kisanduku cha Paani

Nilimshuku mama wa kufua kabla sijaishuku kazi yangu. Naandika hivi nikiona haya.

Juu ya paa la ghorofa moja mtaani Kware nilikuwa nimefunga kisanduku cha plastiki kando ya tangi. Ndani mlikuwa na kihisi kilichopima maji na kumtumia msimamizi wa ploti, yaani jengo hilo la kupangisha, ujumbe yakipungua. Kazi hiyo nilijifunza mwenyewe kwa video za simu, na niliogopa sana kuonekana sijui. Kwanza sisimizi walipitia tundu la chini wakataga mayai juu ya bodi ya umeme ya kihisi. Nikaziba tundu kwa silikoni. Nikaziba na pale waya ulipoingilia, juu, hadi nikaamini hata pumzi haipiti.

Wiki iliyofuata bodi ilikuwa imelowa.

"Ni yule mama," nilimwambia msimamizi. "Anakamua nguo hapo karibu. Nadhani hata anafungua kuchungulia."

Hakuuliza ushahidi. Alifunga mlango wa paa kwa kufuli. Mama akanikuta kwenye ngazi na karai lake.

"Kijana, mimi na kisanduku chako tuna nini? Nguo za watu nianike wapi, kichwani mwako?"

Nilimwona mkali kupita kiasi, nikazidi kumshuku. Nilikausha bodi, nikafunga, na kila skrubu nikaichora mstari wa wino uliovuka hadi kwenye kifuniko. Hata akipata ufunguo wa paa akakifungua, nitajua.

Baada ya siku tatu za jua na mvua ya jioni, msimamizi alinifungulia. Mistari yote ilikuwa sawa. Ndani, matone yalining'inia chini ya kifuniko, na maji yametuama kwenye kona.

Nilikaa chini. Jua lilikuwa likiipasha joto hewa ya ndani na kuisukuma nje. Mvua ilipoipoza ghafla, kisanduku kilivuta maji kupitia ufa mdogo wa silikoni, yale yaliyotiririka na waya kutoka juu. Unyevu ukageuka matone, na njia ya kutokea nilikuwa nimeiziba mwenyewe.

Nilihamishia waya chini, nikaupitisha kwenye glandi, kifungio chenye mpira kinachoubana sawasawa, na kuuacha uning'inie kama kitanzi ili maji yadondoke kutoka kwenye kitanzi kabla ya kufika pale unapoingilia. Tundu la chini nililifungua, nikaliwekea wavu wa chuma wenye matundu madogo yasiyopitisha sisimizi.

"Sasa huyo mama nimwambie nini?" msimamizi aliuliza.

"Nitamwambia mimi."

Nilimkuta chini, nguo za wateja zimetundikwa kwenye vyuma vya ngazi, zikinuka uvundo. Nilimweleza yote, hata wino.

"Ulinitegea mtego?"

"Ndiyo, mama. Samahani."

Alizitoa nguo kwenye vyuma, akazitia karaini. "Beba karai."

Nikalibeba hadi paani. Hakuniruhusu kuondoka mpaka alipoanika shati la mwisho, kwenye kamba yake ya siku zote, upande wa pili kabisa wa tangi, mbali na kisanduku.