Barua Niliyompelekea Profesa Kuhusu Swali la Nne

Sifuri ilikuwa ya wino mwekundu, na aliyeiandika alikuwa amekandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka kidogo. Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya kitivo pamoja na wenzangu wa mwaka wa tatu wa uchumi, kila mmoja na kopi yake ya mtihani iliyosahihishwa mkononi. Tulipewa nusu saa ya kuziangalia, kisha tuzirudishe. Somo lilikuwa sera ya fedha. Nilikuwa nimepata nane juu ya ishirini, na kufaulu kulihitaji kumi.

Swali la nne ndilo liliniangusha. Lilisema: benki kuu inauza hati za deni kwa mabenki ya biashara; eleza na uonyeshe kwenye mizania kinachotokea. Swali lilikuwa na pointi sita. Nilipata moja kwa maana ya neno, na moja kwa sentensi niliyoandika juu ya bei na riba. Kwa maelezo na michoro miwili ya mizania, pointi nne nzima, nilipata ile sifuri.

Nilisoma jibu langu mara tatu, na mara tatu sikuona kosa kwenye michoro. Nikatoa daftari nikanakili kila kitu, hata mistari.

"Una siku mbili za kuleta recours," sekretari wa kitivo aliniambia alipopokea kopi. Recours ndiyo barua ya kuomba mwalimu apitie tena pointi zako. "Ijumaa saa sita mchana mimi nafunga daftari. Kisha jury ya walimu inakaa kuamua matokeo. Ikipita hapo, mama, usinililie."

Ukishindwa, kulikuwa na sesioni ya pili, mtihani wa kurudia. Lakini wiki ile hakuna aliyeamini kwamba sesioni ya pili itafanyika. Vita vilikuwa vimeshuka kutoka kaskazini, na mizinga tuliisikia hadi darasani. Mwalimu wa takwimu alikuwa ameanza kunyamaza kila inapolia, halafu anaendelea na sentensi ileile.

Nyumbani kwetu kulikuwa Munigi, kando ya barabara inayotoka kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya kuteremka mjini. Baba yangu, mtu wa Butembo, alikuwa akinunua maharage huko juu na kuyauza Goma. Siku hizo magari hayakupita tena, akawa anashinda ameketi mbele ya duka lililofungwa. Alhamisi mchana nilikaa karibu naye na daftari langu magotini. Wakimbizi wa kambini walikuwa wamekwisha kuanza kupita: magodoro vichwani, masufuria, mbuzi mmoja aliyekataa kutembea.

Nikaanza kumwandikia Profesa wa somo. Barua ilikuwa ya Kifaransa, kwa adabu yote tuliyofundishwa, lakini maana yake ilikuwa hii: Swali halikusema benki kuu inauza hati za nani. Ukichukua hati za deni la serikali ambazo benki kuu ilikuwa nazo, mali yake inapungua, na akiba ambazo mabenki yameweka kwake zinapungua pia. Mizania yake inakuwa ndogo. Mimi nilichukua hati ambazo benki kuu inazitoa yenyewe, kama inavyofanya hapa kwetu. Hapo mali yake haiguswi. Deni lake ndilo linabadilika sura: akiba za mabenki zinashuka, hati zilizotolewa zinapanda, na jumla inabaki ileile. Kwa njia zote mbili mabenki yanabaki na akiba chache, kukopeshana kati yao kunakuwa ghali, na mikopo kwa watu inapungua. Niliona kwamba jibu langu lilisahihishwa kwa njia ya kwanza peke yake.

Nilifurahi na maneno yangu. Nikarudi kwenye daftari kuhakikisha, na hapo ndipo nilipoona kosa. Ile sentensi iliyonipa pointi moja ilisema: benki kuu ikiuza hati, bei ya hati inapanda na riba inapanda pamoja nayo. Haiwezekani. Hati zikijaa sokoni bei yake inashuka, na ndiyo sababu riba yake inapanda. Mimi nilikosea, na Profesa alikuwa ameweka alama ya sahihi bila kusoma vizuri.

Nilihesabu. Nikirudishiwa nne ninakuwa na kumi na mbili. Akiona hilo kosa, ananikata. Na akinirudishia nusu tu, halafu anikate, ninabaki chini ya kumi, kwa barua niliyoipeleka mwenyewe.

Nilimweleza baba. Alisikiliza huku akiangalia barabara.

"Yeye mwenyewe hakuona?"

"Hakuona, papa."

"Sasa wewe unaenda kujishitaki kwa nini? Muachie na macho yake."

"Barua inasema apitie swali lote. Atasoma."

"Pengine hatasoma." Mwanamke alipita akiwa amebeba mlango wa mbao mgongoni, mlango mzima na bawaba zake. Baba akamfuata kwa macho. "Batu banabeba milango, na wewe unawaza pointi moja," akasema, lakini hakuwa amekasirika. "Fanya vile moyo wako unakuambia. Ila ukianguka, usiseme ni mimi nilikutuma."

Sikujua moyo wangu uliniambia nini. Uliniambia niogope. Nilijua tu kwamba siwezi kumwomba mtu asome kwa haki huku nikiombea asisome mstari mmoja. Nikaongeza aya fupi mwishoni: kwamba kuhusu bei na riba nilikosea, na pointi ile sikuistahili. Nikatia sahihi haraka kabla sijabadili mawazo.

Ijumaa asubuhi milio ya risasi ilikuwa karibu. Mama alinishika mkono mlangoni. "Unaenda wapi na hii masasi?"

"Kupeleka barua, mama. Hawa wote wanaenda upande uleule. Sitakuwa peke yangu."

Alinifungia barua kwenye plastiki ya chumvi, akaiweka ndani ya kitenge changu, akanisukuma kidogo, kama mtu anayetaka jambo liishe upesi. Nikaingia katika msururu. Hakuna aliyekimbia, na hilo ndilo lililotisha: maelfu ya watu wakitembea kimya, miguu ikisaga mawe meusi ya lava. Kila mlio mkubwa uliinamisha vichwa vyote pamoja. Karibu na kambi ya jeshi ya Katindo wanajeshi walikuwa wakipakia vitu na familia zao kwenye lori, na mmoja akapiga kelele tupishe. Nilifika kitivo saa tano na nusu, miguu imejaa vumbi mpaka magotini.

Sekretari alikuwa anafunga madaftari kwa kamba. Aliniangalia, akaangalia saa, akafungua tena lile la juu. Akapiga muhuri kwenye barua na kwenye nakala yangu, akaandika saa.

"Uko wa kwanza na wa mwisho," akasema. "Ingia umpelekee Profesa mwenyewe, yuko juu. Mimi sipandi tena hizo ngazi."

Profesa wetu alikuwa mwanaume mwembamba wa upande wa Bukavu, mkali, asiyecheka darasani. Alikuwa ameketi na bunda la kopi mbele yake, koti limefungwa vifungo vyote kama siku ya kawaida. Alisoma barua akiwa amenisimamisha, akairudia. Kisha akavuta kopi yangu kutoka kwenye bunda.

"Mademoiselle, kitabu nilichowafundisha kinasema nini?"

"Kinasema benki kuu inauza hati za serikali ilizo nazo, Prof."

"Basi?"

"Kitabu ni cha Ulaya, Prof. Huko soko la hati za serikali lipo, kubwa. Kwetu benki kuu inaita mabenki, inauza hati zake. Uliyasema mwenyewe darasani, siku ya mwisho kabla ya mtihani."

Akakaza mdomo. Nilidhani nimekwisha. Mzinga ukalia na kioo cha dirisha kikatetemeka, na sote wawili tukajifanya hatukusikia. Akanipa chaki.

"Chora. Zote mbili."

Nilichora ubaoni. Upande wa kwanza, hati za serikali zinashuka kwenye mali, akiba za mabenki zinashuka kwenye deni. Upande wa pili, mali inabaki, akiba zinashuka, hati za benki kuu zinapanda. Chini nikachora mizania ya benki ya biashara na kumwonyesha kwamba hiyo haibadiliki katika njia zote mbili: akiba kidogo, hati nyingi, jumla ileile.

Akalinganisha ubao na kopi yangu.

"Hukuandika kwamba umechagua hati za benki kuu," akasema. "Ulichora tu. Msahihishaji si mganga."

"Ndiyo, Prof. Lakini kwenye mchoro niliandika jina la hati hizo, upande wa deni."

Akainamia kopi. Jina lilikuwepo, dogo, pembeni. Akavua miwani.

"Na hii aya ya mwisho. Nani alikuambia uiandike?"

"Hakuna."

"Unajua naweza kukukata na ukabaki hapohapo ulipo?"

"Najua, Prof."

Alianza kupekua kopi nyingine za bunda, moja baada ya nyingine, akizifungua kwenye swali la nne. Ya tatu aliitoa kando. Ya tano pia. Nilielewa anachotafuta: wengine walioandika kama mimi, wakapata sifuri kama mimi, na hawakuleta barua kwa sababu walikuwa barabarani na magodoro.

"Nenda nyumbani," akasema bila kuinua kichwa. "Kabla hawajafunga njia. Jury itaamua."

Jury haikukaa siku ile. Siku chache zilizofuata tulizipitisha tumelala chini, ndani, na mji ukaingia mikononi mwa wapiganaji waliotoka kaskazini. Kisha kukawa kimya, watu wakaanza kutoka, na baada ya wiki kadhaa redio ikatangaza kwamba masomo yanaendelea. Nilienda kitivo siku ya kwanza. Matokeo yalikuwa yamebandikwa upya, karatasi mpya juu ya ile ya zamani.

Nilikuwa na kumi na moja. Nne alikuwa amenirudishia, na moja akanikata. Majina mengine sita yalikuwa yamepanda pia, mawili kati yake kutoka chini ya kumi hadi kufaulu.

Sekretari ndiye aliyenisimulia yaliyotokea. Jury ilipokaa, wengine walitaka recours ihesabiwe kwa aliyeileta tu, kwa kuwa ndivyo sheria inavyosema. Profesa alisimama akasema kosa halikuwa la wanafunzi, swali lenyewe liliandikwa vibaya, na aliyeliandika ni yeye. "Alisema mbele ya mkuu wa kitivo," sekretari alinong'ona. "Mimi miaka yote hapa sijasikia mwalimu akisema hivyo."

Nilimkuta Profesa kwenye ngazi mchana ule, nikataka kumshukuru. Alinipita, akasimama hatua mbili chini yangu.

"Bei ikishuka, riba inafanya nini?"

"Inapanda, Prof."

"Sawa," akasema, akaendelea kushuka.

Mmoja kati ya wale wawili waliotoka chini ya kumi hakurudi kamwe kuona jina lake. Familia yake ilikuwa imevuka mpaka siku zile za mapigano, na hakuna aliyejua iliko. Nilinakili matokeo yake kwenye karatasi, nikayaweka kwa sekretari, na nilipomaliza mwaka yalikuwa bado kwenye droo yake.