Mjadala Ulioachwa Nje

Nyakerario alikuwa karani wa mafunzo katika hospitali moja mjini Homa Bay, na kama ukali wake ulikuudhi, ungeenda kutafuta nukuu zako kwingine. Shida ni kwamba kwingine hakukuwa. Madaktari intani, yaani wale walio bado mafunzoni, wa Homa Bay na wenzao wa Migori walisomea nukuu zake, na aliyezitumia bila kusema asante alikumbushwa adabu mbele za watu.

Alizaliwa Oyugis, binti wa Wakisii waliohamia pale kuuza ndizi. Udaktari hakuusomea hata siku moja. Alisomea uhazili, akaajiriwa kuandaa chai ya mikutano, na kwa miaka tisa akawa ndiye anayegeuza raundi kuu ya kila Alhamisi, ile ambayo hospitali nzima hukusanyika kumsikiliza bingwa mmoja, kuwa kurasa za kudurusu. Rekoda aliiweka mezani kwa msemaji, na simu yake ikarekodi pembeni kama akiba. Kompyuta ilimpa rasimu ya maneno, rasimu ya hovyo isiyojua lafudhi zetu, naye akavaa spika za masikioni na kuisahihisha sentensi kwa sentensi. Kisha akalivunja somo vichwa vichwa: dalili, hatua za kwanza, dawa, makosa ya kawaida. Tarakimu alizifungia kwenye kisanduku cha pekee, kila moja na dakika ilipotamkwa, ili mwenye shaka akasikilize mwenyewe. Mwisho kabisa maswali kumi ya kujipima, majibu ukurasa wa nyuma. Chini kabisa, jina lake.

Sehemu aliyoichukia ni mjadala. Msemaji akishamaliza, vikombe huanza kugongana, mandazi hupita, watu watatu huongea pamoja. Dakika ishirini za mjadala zilimlia muda wa saa nne. Kwa hiyo aliuacha mwisho kila mara, ingawa kila mara aliumaliza.

Alhamisi moja daktari mpasuaji, Ratemo, alifundisha majeraha ya panga. Alionyesha picha ambazo hata wauguzi wazee walizikwepa: mkono uliobaki unaning'inia kwa ngozi, bega lililopasuliwa hadi mfupa ukaonekana mweupe. Alisema mwanamume anayevuja damu usimjaze maji ya dripu kama pipa, maana presha ikipanda upesi unasukuma nje hata damu iliyoanza kuganda. Ikubali ile namba ya juu ya presha iwe themanini hadi tisini mpaka pale panapovuja pazibwe. Dawa ya tranexamic, ya kuzuia damu kuvuja, ndani ya saa tatu tangu kuumia, gramu moja kwa dakika kumi, kisha gramu nyingine kwa saa nane. Nyakerario aliandika yote hayo kisandukuni.

Dakika ya hamsini na nane, mandazi yakiwa yameshaanza kutembea, daktari wa usingizi aitwaye Celestine aliuliza: na kama panga limepiga kichwa? Ratemo akaweka kikombe chini. Alisema hapo ndipo tunapozika watu. Ubongo ulioumia haustahimili presha ya chini, hata mara moja. Mwenye jeraha la kichwa, wa miaka kumi na mitano hadi arobaini na tisa, presha yake isishuke chini ya mia moja na kumi, na ile ruhusa ya themanini isahau kabisa.

Nyakerario alikuwa ukumbini. Alisikia kwa masikio yake mawili huku akihesabu sahihi za mahudhurio.

Jioni intani walimzonga. Walikuwa na mtihani Jumatatu, na yeye ni Msabato, hagusi kazi toka Ijumaa jua likizama. Benard, intani wa kazualti, kitengo cha dharura, kijana mwenye bidii ya kuchosha, alimsihi awape walau kilichokuwa tayari. Nyakerario alifoka kwamba yeye si mashine. Halafu akatuma, bila mjadala, bila hata mstari wa kusema kazi haijaisha. Mjadala ungengoja Jumapili, maana Ijumaa alikuwa na zamu ya kuandaa kanisa. Benard alichapisha ukurasa wa tarakimu na kuubandika ukutani juu ya kitanda cha majeruhi.

Ijumaa, karibu saa sita mchana, kaka yake Nyakerario, Mayaka, alikuwa akipakua ndizi soko la Rodi Kopany. Mokua, binamu yao, alikuja kudai kwamba meza ile ya kona ilikuwa ya baba yake. Ugomvi huo ulikuwa na umri wa miaka sita, na watu walishauzoea kama mvua. Mayaka alimsukuma. Mokua akaanguka juu ya mikungu, watu wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichoua. Aliinuka na panga la kukatia ndizi. Pigo la kwanza Mayaka alilikinga kwa mkono wa kushoto, likapita nyama na mshipa. La pili lilimpata juu ya sikio, na walioshuhudia wanasema mlio wake haukuwa wa nyama. Alikaa chini taratibu, ameshika kichwa chake kwa mkono mzima, akimwomba mtu amwitie dada yake.

Vijana wa soko wakamgeukia Mokua na mawe.

Nyakerario alipigiwa simu akiwa kanisani kupanga viti. Alifika kazualti saa saba kamili, viatu mkononi. Mayaka alikuwa amelala kwenye kitanda cha majeruhi, mkono umefungwa kamba ya kuzuia damu, kichwa bandeji imeloa mpaka kwenye mto wa kulalia. Benard alimpokea kwa upole. Alimweleza kwamba tranexamic imeshaingia, thieta ya upasuaji inaandaliwa, na presha ni themanini na nne, kwa hiyo asihofu, ndiyo tunayoitaka. Akaonyesha ukutani kwa kidole.

Nyakerario alitazama ukuta. Aliona mwandiko wa mashine yake, kisanduku chake, jina lake chini.

“Ana muda gani hivi?” aliuliza.

“Dakika arobaini. Alikuja akiongea, alama za fahamu kumi na tatu kati ya kumi na tano. Sasa ni tisa, lakini hiyo ni kawaida ya—”

Hakumaliza. Nyakerario alimzaba kofi lililosikika hadi dirisha la dawa, akamshika koti kifuani na kumtikisa. Askari wa mlangoni alikuja mbio. Muuguzi alimvuta kiunoni. Benard, mdomo unavuja damu, alisema jambo ambalo intani yeyote angesema: kwamba mama huyu ni karani, kwamba nukuu zinasema themanini hadi tisini, kwamba hawezi kubadilisha matibabu kwa sababu ndugu amelia.

“Nukuu ni zangu,” Nyakerario alisema. “Na ni nusu.”

Alitoa simu. Vidole vyake vilikuwa vimelowa damu ya kaka yake na kioo kilikataa kumtii. Alikifuta kwa kitambaa cha kichwa, akatafuta dakika ya hamsini na nane bila kubahatisha, maana alikuwa anaijua. Sauti ya Ratemo ikatoka juu ya mlio wa vikombe. Hapo ndipo tunapozika watu. Kazualti nzima ilimsikiliza daktari ambaye wakati huo alikuwa ananawa mikono thieta.

Benard hakungoja iishe. Alifungua dripu zote mbili, akamtuma mtu mbio kuchukua damu, akaanza kupiga simu. Nimpe haki yake: kosa lilipoonyeshwa, hakubishana nalo hata sekunde moja. Mayaka akasukumwa kwenda thieta, mguu wake mmoja ukitoka nje ya shuka.

Machela haijapita mlango, Landrova ya polisi ikarudi kinyumenyume hadi barazani. Walimshusha Mokua. Uso wake haukuwa na umbo. Jicho moja lilikuwa limezama, fuvu limebonyea juu ya paji, damu ikitoka puani kwa mapovu. Presha yake themanini na sita. Nyakerario alisimama pale pale, simu bado mkononi, na alitamani Mokua afe. Tusidanganyane, alitamani mbele za Mungu, na mawe yaongezwe. Benard alimtazama mara moja tu, kisha akamwinamia Mokua. Dripu zilikuwa wazi ndani ya dakika sita.

Mayaka alifariki Jumapili alfajiri bila kufungua macho. Ratemo alimwita Nyakerario ofisini akamwambia ukweli wote: pigo lile lilikuwa baya, na hakuna anayeweza kuapa kwamba angepona. Lakini presha ikishuka chini ya tisini hata mara moja kwa mwenye jeraha la ubongo, uwezekano wa kufa huongezeka karibu maradufu. Nyakerario alimshukuru.

Walimzika Oyugis. Mokua alikuwa wodini, amefungwa pingu kwenye kitanda, amekula uji siku hiyo. Habari hiyo ilifika matangani kabla ya jeneza. Mama yake Mayaka, Gesare, alimvuta Nyakerario kando ya jiko, akamshika mkono kwa nguvu za mtu anayezama.

“Wewe unafanya kazi huko. Niambie ni nani amemponya yule.”

Nyakerario alisema ni madaktari. Mama akatema mate chini, akawalaani madaktari hao mmoja mmoja, na matumbo yaliyowazaa. Nyakerario alipokea laana yote akiwa amesimama, mkono wake bado umeshikwa.

Alhamisi ya tatu baada ya mazishi, raundi kuu ilikuwa juu ya wagonjwa wawili wa Rodi Kopany. Ratemo alimwomba asije, wamtafute mtu mwingine wa kurekodi. Alikataa kwa ukali wake wa siku zote. Aliweka rekoda mezani, akakaa kiti cha mbele, akasikiliza fuvu la kaka yake likielezwa kwa sentimita. Benard alisimama akakiri alichofanya. Mjadala ulipoanza, mtu fulani akauliza ile tarakimu aliitoa wapi. Benard aliinamisha kichwa, asitaje mtu. Ndipo Nyakerario akainuka, akasema tarakimu ilikuwa yake, kwamba swali la Celestine alilisikia na kulikata kwa sababu lilikuwa na kelele. Hakuna aliyegusa mandazi.

Jioni alivaa spika za masikioni na kuanza kazi kutoka nyuma. Aliandika mjadala kwanza, hadi sauti yake mwenyewe, na kuupa kichwa chake cha habari. Kisha vichwa vingine. Kisha kisanduku. Mgonjwa wa kwanza, miaka 34, presha 84, dakika 40 kabla ya dripu kufunguliwa, amefariki. Mgonjwa wa pili, miaka 37, presha 86, dakika 6, yu hai. Alizihakiki tarakimu zote dhidi ya rekodi mara mbili, kama alivyozoea, akilia wazi na kupangusa kibodi.

Maswali tisa yalikuja upesi. La kumi lilichukua muda. Aliandika: wagonjwa hawa walikuwa na majeraha yanayokaribiana, kazualti moja, daktari mmoja, saa ile ile. Ni nini kilichowatofautisha?

Akafungua ukurasa wa majibu, akaandika: “Wa pili alitibiwa baada ya mjadala kusikilizwa.” Akaweka jina lake chini, akatuma.