Musimalize Bila Mimi

Nilikasirika kwanza, woga ulikuja baadaye. Kwangu mambo hufuata njia hiyo siku zote. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha Bunia. Asubuhi nikaingia darasa la sita la sekondari, la math-physique, yaani hesabu na fizikia, nikakuta mtu amechora pembetatu kwenye ubao wangu.

Nasema ubao wangu kwa sababu niliupaka mwenyewe. Pale shuleni ubao ulikuwa ukuta wa saruji tu, na ulipochakaa tuliupaka unga mweusi wa betri za radio zilizokufa, uliochanganywa na maji ya sombe, majani ya muhogo, iliyotwangwa. Kucha zangu zilikuwa bado nyeusi. Na sasa kwenye kona ya juu, upande wa mlango, kulikuwa na mistari myeupe yenye unyevu.

“Ni nani alichora hapa?”

Nilichukua kitambaa nikasugua. Haikufutika. Kadiri nilivyosugua ndivyo mistari ilivyozidi kuonekana, kwa sababu kitambaa kilikuwa na maji. Nikasogea karibu, nikaona haikuwa chaki ya juu. Ilikuwa inatoka chini ya rangi.

Pembetatu yenye pembe mraba. Kwenye upande mrefu, hipotenusi, kulikuwa na 1. Upande uliosimama, mkabala na pembe, x. Ndani ya pembe, y yenye mkia mrefu uliojikunja kama ndoana. Upande wa chini haukuwa na kitu. Chini yake mistari mitatu:

sin y = x
cos y · y′ = 1
y′ = 1 / cos y

Basi. Hapo mwandishi aliishia.

“Madamu,” alisema kijana mmoja wa nyuma, kwa heshima, “usifute ile. Iko ya mwalimu. Jua ikitoka itaenda yenyewe.”

Na kweli, jua lilipopanda, ubao ulikauka na pembetatu ikaondoka. Nilifundisha siku nzima nikiipa mgongo, na mgongo ulinisisimka. Sikupenda hata kidogo.

Prefe, yaani mkuu wetu wa shule, ndiye aliyenieleza. Mimi ni mtoto wa Butembo, wazazi wangu walikuja Bunia kwa biashara baada ya vita kutulia, kwa hiyo mambo ya zamani ya pale sikuyajua. Mwalimu mmoja wa hesabu wa miaka ya vita alikuwa akifundisha somo hilo, derive ya arc sinus, yaani ya pembe ambayo sinus yake ni x. Derive ni ile hesabu inayosema kitu kinabadilika kwa kasi gani. Alikuwa amefika mstari wa tatu, akaliuliza darasa, “Cosinus ya y tutaitoa wapi?” Kabla hawajajibu, watu wawili wakasimama mlangoni wakamwita. Akaweka chaki chini ya ubao. Akasema, “Nakuya. Musimalize bila mimi.”

Hakurudi. Shule ikafungwa, vita vikapita, shule ikafunguliwa. Wanafunzi wale walikataa kufuta. Ubao ulipopakwa rangi, walipaka juu ya chaki yake. Na wanafunzi waliofuata wakapokezana amri ile kama urithi: arc sinus haimalizwi.

“Na egzetat?” nikauliza. Maana huo ni mtihani wa Leta, yaani wa serikali, hauna huruma na huzuni ya mtu.

“Wanakariri jibu,” alisema prefe. “Weye wape jibu tu, uende mbele. Kuna vitu vya kuacha, madamu.” Kisha akashusha sauti. “Mutoto wake iko mule ndani. Benchi ya kwanza, karibu na mlango.”

Nilimjua. Msichana mrefu, mkimya, aliyenishinda haraka ya kuhesabu mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Nyumbani kwao, mtaa wa Rwambuzi, mama yake alikuwa bado anamfunikia baba sahani ya chakula kila jioni. Ndugu wa baba, watu wenye ng’ombe kule Bule, walitaka matanga yafanywe, mjane aitwe mjane, roho ya mtu ipumzike. Msichana ndiye aliyekataa. Kila mara alipotokea mchuuzi na kusema amemwona mwalimu akichimba dhahabu Mongbwalu, ndevu zimemfunika, yeye aliamini. Baba alisema anakuja. Somo halijamalizwa. Mama hakuwa na nguvu ya kumpinga.

Jamani, ningefanya nini? Nilijaribu kupita pembeni. Nilichora pembetatu yangu katikati ya ubao, nikaandika 1, x na y. Nilipoweka chaki kwenye upande wa chini, kalamu zote ziliwekwa mezani kwa pamoja. Hakuna aliyeambiwa. Tak. Walinitazama, kisha wakatazama mlango.

Nikabadili njia. Nikafundisha arc tangente kwanza, kwa kuwa hiyo hakuna aliyeiacha njiani. Pembetatu nyingine: safari hii 1 ni upande wa chini, x ni upande uliosimama, kwa hiyo tan y = x. Hipotenusi inatoka kwa Pythagore: mzizi wa 1 + x². Nikawaambia, y imejificha ndani ya tangente, msihangaike kuitoa. Pigeni derive pande zote mbili, mkikumbuka kwamba y inategemea x. Kushoto inakuja y′ juu ya cos² y, kulia inakuja 1. Kwa hiyo y′ = cos² y.

“Tumemaliza?” niliuliza.

“Bado,” alisema msichana. “Tulianza na x, sasa tuko kwa y. Inafaa turudie kwa x.” Akasimama, akasoma cosinus kwenye pembetatu: 1 juu ya mzizi wa 1 + x². Akaizidisha kwa yenyewe. y′ = 1/(1 + x²). Aliandika y yenye mkia mrefu uliojikunja kama ndoana.

Nywele zilinisimama. Kisha akabaki anatazama jibu. “Madamu, x ikikua, ikikua, hii haifike zéro hata siku moja?”

“Haifiki. Pembe inakaribia mraba, inakaribia, haifiki.”

“Njo vile,” alikubali taratibu, akarudi kukaa. Uso wake ulikuwa na furaha, na furaha ile iliniumiza, maana nilijua anamfikiria nani.

Tulipofanya egzamen ya kujipima, nilitaka kulia. Swali la arc sinus darasa zima walikosa, na kosa lilikuwa moja: 1 juu ya mzizi wa 1 + x². Walichukua mzizi wa arc sinus wakaupandikizia alama ya kujumlisha ya arc tangente. Haya ndiyo matunda ya kukariri! Mtu aliyekariri, alama moja ikimponyoka, hana pa kwenda kuitafuta. Msichana peke yake hakukosa, kwa sababu hakuandika kitu. Aliacha nafasi tupu.

Nilipowarudishia karatasi asubuhi iliyofuata, mvua ilikuwa imenyesha tena. Pembetatu ilikuwa juu pale, nyeupe kuliko siku zote. Mbele ya shule, magari meupe ya walinda amani yalipita barabarani na vioo vikatetemeka. Hasira ilinipanda mpaka masikioni.

“Alama ya kujumlisha mmeitoa wapi?” nilifoka. “Angalieni hapa! Jibu liko kwenye upande huu mtupu, mnaliangalia kila mvua ikinyesha! Mwalimu wenu aliwauliza swali. Aliuliza cosinus tutaitoa wapi. Mwalimu akiuliza, anajibiwa!”

Nikachukua chaki nikaiendea kona.

Darasa zima likasimama. Si kwa fujo. Walisimama wima, mikono pembeni, jinsi tunavyowafundisha kusimama mwalimu anapoingia. Lakini mimi nilikuwa nimeshaingia zamani. Na hawakuwa wananitazama mimi.

Mkono wangu ulikataa. Nakiri niliogopa vibaya.

“Lete, madamu.” Msichana alikuwa amefika kando yangu. “Ni mimi wa kujibu.”

Akanitoa chaki mkononi. Vidole vyake vilikuwa baridi. Alisema kwa sauti, kama anayejibu swali aliloulizwa muda huo huo: “Pythagore. Hipotenusi kwa mraba ni moja. Toa x kwa mraba. Upande wa chini ni mzizi wa 1 − x².” Akauandika mahali pale patupu. “Pembe ya arc sinus haipite mraba, juu wala chini, kwa hiyo cosinus haiwe négatif. Cosinus ni upande wa chini juu ya hipotenusi. Hipotenusi ni moja.” Akashuka kwenye mstari wa tatu, akaendeleza alama ya usawa pale baba yake alipoishia:

y′ = 1 / cos y = 1 / √(1 − x²)

Huwezi kutenganisha mkono wa nani uliandika wapi. Nasema nilichoona.

“Na x ikifika moja?” nilinong’ona. Mwalimu ni mwalimu hata akitetemeka.

“Upande wa chini unakwisha. Hakuna tena pembetatu. Hauwezi kugawanya.” Akagusa mstari wa tatu kwa kidole. “Hii ya baba inafika mahali inaisha, madamu. Haiko kama ile ya tangente.”

Akaweka chaki chini ya ubao. Akageuka kuuangalia mlango, na sote tukageuka naye. Mlango ulikuwa umezuiwa na jiwe, wazi nusu. Korido ilikuwa na maji, na juu ya maji hakuna kilichotikisika. Tulisubiri. Nilijikuta ninamwomba Mungu wangu mwalimu yule atokee, na ninaomba pia asitokee.

“Hakukuya,” alisema msichana.

Akatoka. Alipita korido polepole, akaenda kumwambia mama yake.

Matanga yalifanywa wiki ile ile, mchana, chini ya hema Rwambuzi. Ndugu walishuka kutoka Bule. Hapakuwa na maiti. Waliweka picha ya mwalimu kwenye kiti. Wanafunzi wake wa zamani walikuja, wengine na watoto migongoni, wakaulizana kwa sauti ndogo kama ni kweli arc sinus imemalizwa. Mimi nilikaa nyuma kabisa. Nilijiona kama niliyemuua mtu.

Mama wa msichana aliniona. Akaja akaketi mbele yangu, akanishika magoti kwa mikono miwili.

“Mutoto anasema alijibu swali ya baba yake. Alijibu muzuri?”

“Bila kosa, mama.”

“Weye ni mwalimu. Usinidanganye.”

“Bila kosa hata moja.”

Akaingia ndani, akarudi na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine: bugali na sombe, vya moto bado. Nilijua sahani ile ni ya nani. Akaifunua, akaniwekea mapajani.

“Kula, mwalimu,” alisema. “Isipoe tena.”

Nikala.