Nilimwambia Atembee

Alikuja kwangu mara tatu kabla sijaigusa nyonga yake. Nalisema hili mwanzo kwa sababu nimewahi kuwasimulia wenzangu kisa hiki nikalificha katikati, nikaanza na mafuriko, na foleni, na uchovu. Mafuriko yalikuwepo kweli. Foleni ilikuwepo. Lakini mtoto naye alikuwepo, ameketi mbele yangu, ananionyesha kwa kidole panapouma.

Mimi ni afisa wa kliniki. Watu wa Garsen huniita daktari, nami niliacha kuwasahihisha zamani. Kituo chetu kina vyumba vichache, maabara ndogo, na mashine ya eksirei inayoendeshwa na mzee mmoja ambaye alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Maji ya mto yalikuwa yamerudi nyuma mwaka ule, na mbu wakaja na malaria yao. Kitanda cha kupimia wagonjwa chumbani mwangu kilikuwa kimejaa makatoni ya vyandarua. Nilikuwa nikiwapima watu wakiwa wameketi kitini.

Msichana alikuwa na miaka kumi na miwili, gredi ya sita. Aliletwa na nyanya yake kutoka kijiji cha Wema, mama mkulima wa mpunga na ndizi, mwembamba, mkavu, mwenye sauti ndogo. Mtoto alikuwa mnene. Zipu ya sare ilikuwa haifungi mgongoni, naye alivaa sweta kuificha, na joto lile la Garsen.

"Goti," nyanya alisema. "Mwezi sasa."

"Alianguka?"

"Hakuanguka. Ilianza yenyewe tu."

Msichana alishika goti la kushoto, kisha mkono ukapanda ukasimama kwenye paja, upande wa ndani. "Na hapa kidogo," alisema.

Niliandika: goti la kushoto. Ile "na hapa kidogo" sikuiandika. Niliminya goti, halikuwa limevimba, halikuwa na moto. Nikampa dawa ya maumivu, nikamwita mgonjwa mwingine.

Baada ya wiki mbili walirudi. Safari hii nilijiona mwangalifu, nikaagiza picha ya goti. Ikatoka safi kabisa. Niliinua ile picha dirishani nikamwonyesha nyanya, nikasema kwa furaha, "Umeona? Mfupa mzima. Hakuna kitu hapa." Kisha nikamuuliza mtoto anafikaje shuleni.

"Kwa bodaboda," alisema. Shule yao iko mbali kidogo, njia inafuata tuta la mashamba.

"Basi hapo ndipo shida ilipo. Uzito. Kuanzia Jumatatu utatembea, kwenda na kurudi."

"Nikitembea ndiyo inauma zaidi."

"Mwanzo itauma. Mwili ukizoea, itaacha."

Aliinamisha kichwa. Hakubishana. Walipotoka nilimwambia muuguzi, "Goti gani litastahimili mzigo ule?" Tukacheka. Mlango ulikuwa wazi, na msichana alikuwa bado hajafika mbali. Niliona mabega yake yakisimama kidogo, kisha akaendelea.

Wakarudi tena karibu mwezi mmoja baadaye. Ilikuwa saa nne asubuhi, benchi la nje limejaa. Nilimtazama akiingia, ameshika ukuta, jasho linamtiririka, na nikawaza, nakiri, kwamba anajidekeza. Nilikuwa nimeshika kalamu nimrudishie dawa zilezile bila hata kuinuka. Wakati huo yule mzee wa eksirei aliingia kuniletea picha ya kifua ya mgonjwa mwingine. Aliiweka mezani lakini hakutoka. Alikuwa akimtazama mtoto.

"Mjukuu," alimwambia, "hebu nenda mpaka mlangoni urudi. Polepole."

Alikwenda. Alichechemea, na unyayo wa kushoto ulielekea nje, kama wa mtu anayetaka kukunja kona. Sikujua kama mwezi uliopita unyayo ulikuwa umeelekea vile. Sikuwa nimemtazama akitembea.

Mzee aliinama karibu na sikio langu. "Nyonga umeikagua, dada?"

"Anaumwa goti," nilisema.

Mzee alianza kuteremsha makatoni ya vyandarua kutoka kitandani, moja baada ya jingine, akiyapanga sakafuni. Nilisimama nikamsaidia, na nilipofika katoni la tatu maneno ya chuoni yalinirudia kama kofi: mtoto akilia goti, kagua nyonga. Neva zinazohudumia nyonga hutuma tawi hadi gotini, na maumivu ya juu husikika chini. Nililijibu swali hilo kwenye mtihani. Nililipata.

Alilala chali. Nilishika mguu wa kushoto nikaukunja taratibu kuelekea tumboni. Paja halikuja moja kwa moja. Kadiri nilivyolikunja lilijigeuza nje lenyewe, na nilipojaribu kulizungusha ndani kidogo tu, lilikataa, na mtoto akashika ukingo wa kitanda akauma midomo. Mguu wa kulia ulizunguka vizuri. Kipimo hicho hakikunichukua hata dakika moja.

"Picha ya nyonga zote mbili," nilisema. "Na asitembee kwenda huko." Tukamsukuma kwa kiti cha magurudumu.

Mzee alipiga picha mbili, moja amelala amenyoosha miguu, nyingine magoti yamekunjwa na kufunguliwa kama ya chura. Aliziweka kwenye taa, akachukua rula ya plastiki. Aliilaza kwenye ukingo wa juu wa shingo ya mfupa wa paja la kulia. Mstari ulipita ukakata kipande cha kichwa cha mfupa, kama inavyotakiwa. Akaihamishia kushoto. Rula ilipita juu ya kichwa bila kukigusa.

Kwa mtoto anayekua, kati ya kichwa cha mfupa wa paja na shingo yake kuna tabaka la gegedu, laini kuliko mfupa. Hapo ndipo mfupa unapokulia, na miaka ile ya kubalehe huwa pamelegea. Uzito ukizidi, tabaka linaweza kuachia. Kichwa hubaki ndani ya tundu lake, na shingo huteleza mbele na juu. Kila hatua inaweza kuongeza kuteleza. Na likiachia ghafla, mtoto hawezi tena kukanyaga, na damu inayolisha kile kichwa inaweza kukatika, mfupa ukafa.

Na mimi nilikuwa nimemwandikia hatua. Asubuhi na jioni, kila siku ya shule.

Niliituma picha kwa simu kwa daktari bingwa wa mifupa, mwanamke, huko Mombasa. Alipiga mara moja.

"Anaweza kukanyaga?"

"Anakanyaga, kwa maumivu."

"Basi tuna bahati. Kuanzia sasa asikanyage kabisa, hata chooni abebwe. Mlete leo. Usimpe ahadi ya wiki ijayo." Kisha akauliza, "Ameumwa muda gani?"

Nilihesabu kimya. "Miezi miwili na zaidi."

"Aliwahi kuonwa?"

"Nilimwona mimi," nilisema. Alinieleza tu nimpeleke mlango upi.

Nyanya alikuwa ameketi kwenye benchi, kikapu mapajani. Nilichuchumaa mbele yake. Nilimweleza kwamba shida si goti, ni nyonga, mfupa umeteleza mahali unapokulia, unahitaji kufungwa kwa skrubu, na kwamba ni lazima waende leo hii wala mtoto asishushe mguu chini.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila hasira, kama anayetaka kuelewa, "Lakini wewe ulisema atembee."

"Nilisema. Nilikosea, mama. Ilikuwa nimpime nyonga siku ya kwanza na sikumpima. Nisamehe."

Alikitazama kikapu. "Asubuhi alikuwa anakataa," alisema. "Analia, anasema mguu unauma. Mimi nakata fimbo. Naenda nyuma yake mpaka kwenye tuta. Nasema, daktari amesema." Akafunika mdomo kwa ncha ya leso. "Nilimchapa, mwanangu. Kwa neno lako."

Nilikuwa nimejiandaa kubeba kosa langu, na kumbe nilikuwa nimemtwika mtu mwingine sehemu yake, mtu aliyenitii.

Ambulensi ilifika baada ya adhuhuri. Tulimwinua kwa machela, nami nikaushika mguu wa kushoto usitikisike. Hakunitazama.

Alifanyiwa upasuaji kesho yake. Skrubu moja ilipitishwa kwa mkato mdogo wa pajani, kutoka shingoni hadi ndani ya kichwa cha mfupa, kukizuia pale pale kilipokuwa. Hawakukirudisha mahali pake. Kukilazimisha kungehatarisha damu yake. Daktari aliniambia wazi kwenye simu kwamba kile kilichokwisha kuteleza ndicho atakachoishi nacho, labda siku moja akiwa mkubwa wamnyooshe kwa upasuaji mwingine. Nyonga ya kulia ingepigwa picha kila baada ya miezi michache, maana ugonjwa huu huweza kuhamia upande wa pili. Sikumuuliza hali ingekuwaje kama ningeligundua siku ya kwanza. Nilikuwa najua. Mfupa ungekuwa umeteleza kidogo tu.

Alirudi kituoni baada ya miezi, magongo ameshaacha. Mguu wa kushoto ulikuwa mfupi kidogo, unyayo bado unaelekea nje, lakini alitembea bila kushika ukuta. Alikuja peke yake chumbani. Nyanya alibaki kwenye benchi. Kitanda kilikuwa wazi, kimetandikwa shuka. Nilimpima. Nyonga ya kulia ilizunguka vizuri pande zote, na picha yake ilikuwa nzuri.

Alipokuwa anavaa kiatu aliniuliza, "Ulidhani nadanganya?"

Ningeweza kusema hapana. "Ndiyo," nilisema. "Nilidhani unadeka. Nilikuona mnene nikaacha kutazama kingine."

Alifunga kamba ya kiatu kwa shida, mguu ule haukunjiki vyema. "Nyanya aliniomba msamaha ndani ya gari, siku ile. Wewe ulimwomba nyanya. Mimi hukuniomba."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimechuchumaa mbele ya benchi, nikasema maneno yote, na mwenye mguu alikuwa ndani, kwenye kiti cha magurudumu, anatazama ukuta.

"Nisamehe," nilimwambia. "Kwa mguu, na kwa kile kicheko ulichokisikia mlangoni."

Hakusema amenisamehe. Alisema, "Haya," kama mtu anayepokea kitu atakachokikagua akifika nyumbani. Kisha akaniambia kilichomleta: choo cha shule ni cha kuchuchumaa, naye hawezi, na mwalimu anataka barua ya daktari ndipo amruhusu kuja na kiti chake cha chooni.

Niliiandika hapo hapo. Niliandika ugonjwa wake kwa jina kamili, upasuaji, na kwamba mwanafunzi huyu akisema anaumia, aaminiwe. Alisimama nyuma ya bega langu akiisoma neno kwa neno, na alipofika mwisho alinionyesha nilipokuwa nimesahau kupiga muhuri.